Tyubu ya 3,500 iliyonisafisha uso kwa siku tatu

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Na mkisikia feni, ni feni kweli, maikrofoni imenifia jana.

Bidhaa yenyewe hii hapa. Tyubu ndogo, boksi mnalijua, ipo kila duka la dawa. Niliinunua 3,500. Harufu hakuna, inapakika vizuri, sina la kulalamika hapo. Mimi nataka mtazame hapa nyuma. Subiri kamera ishike... ehee. Someni herufi na mimi: C-L-O-B-E-T-A-S-O-L. Klobetazoli. Halafu namba: 0.05%.

Sasa chukua tyubu hii nyingine, haidrokotizoni, imeandikwa 1%. Niliwauliza dada zangu wawili ipi ni kali. Wote wakasema hii ya 1%, maana 0.05 si hata nusu! Mimi pia ndivyo nilivyojidanganya. Asilimia inakwambia dawa imewekwa kiasi gani, haikwambii dawa yenyewe ina nguvu gani. Ni kama kulinganisha kijiko cha pilipili hoho na punje ya pilipili kichaa. Klobetazoli hukadiriwa kuwa na nguvu mara 600 hivi ya haidrokotizoni. Zote mbili ni steroidi za kupaka, yaani dawa za kutuliza ngozi iliyovimba, na klobetazoli iko daraja la juu kabisa. Kazi yake ni sehemu kama kiganja na unyayo, ngozi nene iliyogoma, tena kwa muda mfupi.

Nasi tunaipaka wapi? Usoni! Ukipaka haidrokotizoni ile ile mkononi hapa na kwenye paji, ya kwenye paji hupenya mara 6 hivi zaidi. Tayani, mara 13. Kope ndiyo usiseme, na dawa ikizoea kufika jichoni inaweza kupandisha presha ya jicho.

Basi nilikuwa na vipele kuzunguka mdomo. Muuzaji akanipa hii, akasema asubuhi na jioni. Siku ya tatu, jamani, uso kama wa mtoto. Nikapiga picha nikaiweka, mkanisifia wenyewe. Nikaendelea wiki sita. Nilipoacha, siku ya nne uso ukawaka moto, hata maji ya kunawa yalichoma, na vipele vikarudi vingi kuliko mwanzo. Nikafanya nini? Nikapaka tena. Vikatulia. Nikaamini dawa inafanya kazi.

Kumbe steroidi inabana mishipa midogo ya damu na kuizuia ngozi isivimbe, ila chanzo cha vipele hakijaguswa. Bakteria na fangasi wanajistawisha humo chini kwa raha zao, kwa kuwa mlinzi, yaani kinga ya ngozi, amelazwa. Siku ukiacha, mishipa iliyobanwa inafunguka kwa mkupuo, na uvimbe uliozuiwa unaamka wote. Kila ukipaka kuutuliza, unaongeza deni.

Na ngozi inakonda. Zile chembe zinazotengeneza kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi unene, zinapunguza kazi. Tazameni shavu langu, nageuka kwenye dirisha. Mnaona inavyong'aa kama karatasi ya sigara? Na huu mstari mwembamba ni mshipa, zamani haukuonekana. Kwa sisi weusi wekundu haujitokezi sana, kwa hiyo usingojee wekundu. Angalia joto, kuwashwa, na weusi unaokolea au mabaka meupe. Unene unaweza kurudi kiasi ukiacha mapema. Mishipa iliyotanuka huwa ngumu kuondoka.

Kwa chunusi ndiyo kabisa. Steroidi yenyewe huzaa chunusi. Ukiona vipele vidogo vimetoka kwa pamoja, vyote saizi moja, kama vimepigwa muhuri, waza tyubu yako kwanza. Kwa chunusi za kawaida mimi nipeni benzoili peroksaidi, inakausha ngozi na inachuja rangi ya taulo, lakini angalau inaua bakteria wenyewe.

Kuna zile tyubu za mchanganyiko pia, steroidi kali na dawa ya fangasi na ya bakteria humo humo. Ukizipaka kwenye bato, ile pete ya fangasi ngozini, muwasho unaisha, pete inapoteza umbo, fangasi wanatambaa polepole, na hata daktari anaweza asiitambue.

Mimi nilipeleka tyubu kliniki ya ngozi, maana daktari anahitaji kujua jina na wiki ngapi. Aliniachisha, akanipa vidonge vya doksisaiklini, akaniambia uso utachafuka kwanza. Na ulichafuka! Wiki mbili za mwanzo nilivaa barakoa mpaka sokoni. Mwezi wa tatu ndiyo ukatulia. Mjamzito asiguse vidonge hivyo, na kama umepaka mwili mzima kwa miezi usiache ghafla bila daktari.

Ile picha niliyosifiwa nimeifuta. Haya, geuzeni tyubu zenu, mniandikie hapo chini mmesoma jina gani.