Nilivyochora duka la isometriki kwa Inkscape bila kuhamisha milango

Mwenye duka alikitazama kielelezo changu cha kwanza, akaweka kidole kwenye mlango wa kushoto. "Mlango huu hauko hapa," akasema. "Hapa ni ukuta." Nilikuwa nimechora juu ya picha ya duka lenyewe, mstari kwa mstari, kwa hiyo sikumwamini. Nilirudi na tepu ya kupimia, na nikakuta kwamba mwenye kusema kweli alikuwa yeye. Picha ndiyo iliyonipotosha.

Kazi ilikuwa kuigeuza picha ya mbele ya duka kuwa mchoro wa isometriki wa kuweka kwenye kipeperushi. Ni ule mchoro unaoonyesha jengo likiwa kama kijisanduku kinachotazamwa toka juu kidogo, kwenye pembe yake. Masharti yalikuwa mawili: rangi za kibao zisibadilike, na milango ikae mahali pake ili mtu mwenye kipeperushi mkononi alitambue duka akifika. Nimeifanya kwa Inkscape, programu ya kuchora, nikisaidiwa mwanzoni na GIMP, programu ya kuhariri picha, na baada ya kazi hii ninazo sababu za kuisifu na mambo machache ya kumtahadharisha mwenzangu.

Kwenye picha, kadiri kitu kinavyokuwa mbali na kamera ndivyo kinavyoonekana kidogo. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama kulia, kupita kona ya duka, kwa hiyo upande wa kushoto ulibanwa. Isometriki haibani chochote: mistari iliyo sambamba hubaki sambamba, na mlango ulioanza robo ya ukuta utaendelea kuanza robo ya ukuta. Ukichora moja kwa moja juu ya picha ya pembeni, unaihamishia ile mibano mahali ambapo haina kazi. Inabidi kwanza uipate sura ya duka ikiwa imenyooka, kama imetazamwa mbele kabisa, ndipo uigeuze.

Kunyoosha nilifanya GIMP kwa zana ya Perspective (`Shift+P`), nikachagua `Corrective (Backward)`, nikaziburuta pembe nne hadi zikakaa kwenye pembe nne za ukuta wa mbele. Matokeo ni mstatili, ila si lazima uwe na uwiano sahihi wa upana kwa kimo. Uwiano huo unautoa kwenye vipimo halisi. Ukuta ulikuwa na upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.6, basi baada ya kukata kingo nilifungua `Scale Image`, nikafungua kile kimnyororo kinachofunga upana na kimo, nikaandika 2400 kwa 1440. Kila sentimita ikawa pikseli 4, na sasa picha yenyewe ikawa rula.

Hapo kosa lilijionyesha. Mlango wa kulia unaanza mita 4.5 kutoka kona ya kushoto, yaani pikseli 1800, na ulikaa hapo hapo. Wa kushoto unaanza mita 1.2, ulipaswa kuwa 480, lakini ulikuwa karibu na 612. Tofauti hiyo ni sentimita 33! Sababu ni kwamba bamba la mlango huo limerudi ndani ya ukuta kwa sentimita 30. Kunyoosha picha kunafaa kwa vitu vilivyo kwenye uso mmoja tu. Kilichorudi nyuma husogea kuelekea upande uliposimama, na kilichotokeza mbele husogea upande wa pili. Tangu siku hiyo sipimi bamba la mlango, napima kingo za ukuta zinazouzunguka, kisha bamba nalichora ndani baadaye. Kama huna nafasi ya kupima kwa tepu, simama mbele katikati ya duka unapopiga, na urudi nyuma kadiri unavyoweza. Kosa hili hupungua sana.

Ndani ya Inkscape nilichora kila kitu kikiwa bapa juu ya picha iliyonyooka: ukuta, milango, dirisha, kibao na herufi zake. Kisha nikakusanya vyote kuwa kundi moja (`Ctrl+G`) na kufungua `Object > Transform`. Kwenye `Scale` niliweka upana 86.6% na kimo 100%, kwenye `Skew` nikaweka wima nyuzi 30. Hatua ni hizo mbili tu. Duka likiinama upande usioutaka, weka −30. Usiligeuze kwa kulipindua kama kioo, maana milango itabadilishana kushoto na kulia, na kama herufi hujaziweka bado hutagundua.

Usisahau kuunganisha kundi. Mara moja nilisahau, na alama ya `Apply to each object separately` ilikuwa imewekwa. Kila mlango uliinama peke yake na kubaki kwenye kimo chake cha zamani, vikawa kama ngazi. Ndiyo maana kabla ya yote naweka gridi ya `Axonometric` yenye nyuzi 30 kila upande, kutoka `Document Properties`. Baada ya kugeuza, chini ya milango yote miwili lazima pafuate mstari mmoja wa gridi.

Kibao kimetokeza sentimita 20, yaani pikseli 80 kwa kipimo changu. Kwenye isometriki urefu unaofuata mhimili haupungui, kwa hiyo nilinakili uso wa kibao na kuusogeza pikseli 69 kushoto na 40 chini, halafu nikajaza unene kati ya nakala hizo mbili. Napenda sana hatua hii, kwa sababu ndipo duka linapoacha kuwa karatasi iliyoinama.

Rangi zilinipa shida ya namna nyingine. Sehemu ya kibao iliyopigwa na jua ilinipa `#D0322B`, na iliyo chini ya kivuli cha paa ikanipa `#84201F`, ilhali ni rangi moja. Nilipiga picha upya siku ya mawingu, karatasi nyeupe ikiwa imebandikwa karibu na kibao, nikaitumia karatasi hiyo kama sehemu nyeupe ndani ya GIMP, kwenye `Colors > Levels`. Kisha nikachukua rangi kwa zana ya `Dropper` nikiburuta badala ya kubofya, ili Inkscape ichukue wastani wa eneo zima.

Halafu kuna mazoea ya michoro hii ya kuupa upande mmoja wa jengo mwanga na mwingine giza. Ukiuweka uso wa duka upande wa giza, umeshabadilisha rangi ya kibao. Mimi niliuweka upande wa mwanga, nikautia giza ukuta wa pembeni na unene wa kibao peke yake. Uso wa kibao sikuugusa.

Jambo moja Inkscape haikunisaidia: PDF iliyonitolea ilikuwa ya RGB, yaani rangi za skrini, na uchapaji unatumia CMYK, yaani rangi za wino, ambako nyekundu na chungwa kali hufifia. Kwa hiyo niligeuza herufi kuwa umbo kwa `Path > Object to Path`, nikapeleka faili kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapa, kwa ajili ya CMYK, na nikaomba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile ya kipeperushi. Niliishika chini ya kibao chenyewe, kivulini. Nyekundu ilikuwa imeelekea kahawia kidogo, nikapunguza nyeusi iliyokuwa imechanganyika humo, na nakala ya pili mwenye duka akaipokea bila kuweka kidole popote.