Miezi mitatu ya kupanga maneno ya maswali ya Kiingereza: uzoefu wangu

Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni huko Mji Mkongwe, Unguja, na sehemu kubwa ya Kiingereza ninachokizungumza kazini ni maswali. Nilidhani namudu, hadi asubuhi moja mgeni aliposhuka akilalamika kwamba teksi aliyoiagiza kwa simu haijafika. Nilitaka kujua alimpigia nani, nikamwuliza, "Who called you?" Akajibu kwamba hakuna mtu aliyempigia. Nikarudia swali lile lile taratibu zaidi, naye akarudia jibu lile lile, na tukaendelea hivyo mpaka aliponionyesha simu yake nikaiona namba aliyoipiga. Maneno yangu yote yalikuwa ya Kiingereza sahihi, ila nilikuwa nimemwuliza nani alikupigia, ilhali nilikusudia ulimpigia nani.

Kwa sababu hiyo nilijiandikisha katika programu ya simu yenye mazoezi ya kupanga maneno, na nimeitumia kwa miezi mitatu, dakika kama ishirini kila usiku baada ya zamu. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko nayo, na pia kwa kuwa mazoezi ya aina hii yanafanana sana popote yalipo, hata katika vitabu vya shule. Unapewa maneno yaliyovurugwa, kila neno katika kisanduku chake, nawe unayagusa moja baada ya jingine hadi yawe swali. Kwa mfano unaona "arrive", "did", "sister", "time", "what", "your", na unatakiwa kupata "What time did your sister arrive?"

Faida ya kwanza niliyoiona ni kwamba mazoezi haya yanamlazimisha Mswahili kukubali jambo ambalo lugha yake haimdai. Sisi tukitaka kuuliza hatuhamishi kitu. "Dada yako alifika" inakuwa swali kwa kubadili sauti, au kwa kutanguliza "je", na neno la kuulizia linaweza kukaa pale pale ambapo jibu lingekaa: "Dada yako alifika saa ngapi?" Kiingereza kinadai mambo mawili kwa pamoja, yaani neno la kuulizia litangulie, na kitenzi kisaidizi kiruke mbele ya kiima. Katika wiki ya kwanza vidole vyangu vilikuwa vinaweka "your sister" mbele ya "did" kila mara, nami nilikuwa naliona kosa baada ya kuligusa neno. Kufikia wiki ya nne mkono ulikuwa umezoea, na huo ni mafanikio ambayo kusoma kanuni peke yake hakukunipa kwa miaka mingi.

Faida ya pili ilikuwa katika maswali yenye visaidizi viwili. Nakumbuka zoezi moja lililonishinda siku tatu, lenye maneno tisa: "been", "brother", "has", "how", "in", "living", "long", "Mombasa", "your". Kila nikilipanga nilikuwa napata "How long has been your brother living in Mombasa?", kwa sababu niliona "has been" ni kitu kimoja kisichotenganishwa. Nilifanikiwa pale nilipoacha kuanza na swali. Nilianza kwa kupanga taarifa ya kawaida, "your brother has been living in Mombasa", kisha nikachukua kisaidizi cha kwanza pekee, "has", nikakirusha mbele ya "your brother", na "been" nikaiacha ilipokuwa. Mwishoni niliweka "how long" mbele ya yote. Tangu hapo najua kwamba hata visaidizi viwe viwili au vitatu, kinachoruka ni cha kwanza tu, na vingine vinabaki nyuma ya kiima kwa mpangilio wao.

Malalamiko yangu makubwa ni kwamba zoezi linakupa kisaidizi mkononi. Ukiona "did" na "arrive" mbele yako, huna nafasi ya kukosea na kusema "did your sister arrived", kwa sababu "arrived" haimo kabisa katika visanduku. Kazi iliyo ngumu kweli, yaani kuamua kwamba panahitajika "did" na kwamba kitenzi kikuu sasa kivuliwe wakati wake, imeshafanywa na aliyetunga zoezi. Nilipata alama zote 10 kwa 10 katika maswali ya wakati uliopita, na kesho yake nikamwuliza mgeni, "Did you slept well?" Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimejifunza mahali pa kuweka "did", lakini sikuwa nimejifunza kile ambacho "did" inakifanya.

Kilichonisaidia katika hilo kilitoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "alifika", lakini tukikanusha tunasema "hakufika": ile "-li-" inaondoka, na "-ku-" inashika nafasi ya kuonyesha wakati uliopita, wala hakuna anayesema "hakulifika". Wakati unaonyeshwa mara moja tu. Ndivyo ilivyo kwa "did": ikishaubeba wakati uliopita, kitenzi kikuu hakiubebi tena, na kwa hiyo ni "did you sleep". Ndivyo ilivyo pia kwa "does", ambayo inaichukua ile "s" ya "works", hata swali likawa "does she work". Laiti programu ingeeleza jambo hili kwa mwanafunzi wa Kiswahili japo katika mistari miwili, badala ya kuandika neno "sahihi" kwa rangi ya kijani na kuendelea mbele.

Nilitafuta njia yangu ya kuziba pengo hilo, na ndiyo ninayoiamini kuliko programu yenyewe. Kabla ya kugusa kisanduku chochote naandika jibu kamili kwenye daftari, kisha nafunika kwa kidole sehemu ninayotaka kuiulizia. Nichukue mkasa wangu wa teksi. Kama mgeni angejibu "I called the driver yesterday", nafunika "the driver". Kilichofunikwa si kiima, kwani kiima ni "I" na kipo wazi, kwa hiyo lazima nitafute kisaidizi. Katika taarifa hakionekani, basi naleta "did", naivua "called" iwe "call", nageuza "I" kuwa "you", na napata "Who did you call yesterday?" Kama angejibu "The driver called me yesterday", nafunika "the driver" vilevile, lakini safari hii kilichofunikwa ndicho kiima. Hakuna cha kuruka wala cha kuongeza. Naweka "who" mahali pa kidole, na "me" inageuka "you", basi: "Who called you yesterday?"

Katika Kiswahili tofauti hii inabebwa na viambishi ndani ya kitenzi. "Nani alikupigia" na "ulimpigia nani" haziwezi kuchanganywa, kwa sababu "a-" na "-ku-" upande mmoja, "u-" na "-m-" upande mwingine, vinamtaja mpigaji na mpigiwa hata kama "nani" ingehamishwa. Kitenzi cha Kiingereza hakina viambishi hivyo, na "who" ya mazungumzo haibadiliki iwe ni ya mpigaji au mpigiwa. Kinachobaki kumweleza msikilizaji ni kuwapo kwa "did" na mahali ilipo "you". Ndiyo maana mgeni yule hakuwa na namna ya kukisia nilichokusudia. Katika programu, maswali ya aina hii mbili yamewekwa katika masomo tofauti yaliyoachana mno, na mwanafunzi hayaoni yakiwa bega kwa bega, ilhali hapo ndipo yanapoeleweka.

Lipo pia tatizo la majibu yanayokataliwa bila haki. Nilipewa "Asha", "did", "Juma", "see", "where", nikapanga "Where did Juma see Asha?", nikaandikiwa kwamba nimekosea, kwa sababu mtunzi alikusudia Asha ndiye aliyemwona Juma. Maneno peke yake hayawezi kumwambia mtu nani alimwona nani, na maswali yote mawili ni Kiingereza kizuri. Jambo kama hilo hutokea na maneno ya wakati, kwani kuna sentensi ambayo "yesterday" inaweza kukaa mwanzoni au mwishoni pasipo kosa. Siku za mwanzo nilikuwa nayafuta majibu yangu mazuri nikidhani sijui. Sasa nikikataliwa natazama kwanza kilichobadilika katika jibu lao: kama ni majina mawili tu yamebadilishana nafasi, au neno la wakati limehamia upande wa pili, nahesabu kwamba nimepata. Kama ni kisaidizi au kiima kilichohama, kosa ni langu. Kuna kasoro nyingine ndogo, kwamba neno la kwanza huandikwa kwa herufi kubwa, na hivyo unajua pa kuanzia hata kabla ya kufikiri.

Athari moja ilinishangaza. Baada ya wiki kama sita za kurusha visaidizi, nilianza kuvirusha hata pasipotakiwa. Nilimwuliza mgeni, "Do you know where does he live?", kosa ambalo zamani sikulifanya. Swali hilo lina "do" yake tayari mwanzoni, na sehemu inayofuata baada ya "know" inabaki katika mpangilio wa taarifa: "Do you know where he lives?" Ile "s" nayo inarudi kwenye kitenzi chake. Kwa kazi yangu maswali ya upole ya namna hii ndiyo mengi zaidi, kwa kuwa simwambii mgeni kwa ghafla "Where is your passport?", namwomba, "Could you tell me where your passport is?" Programu ina mazoezi 8 tu ya aina hiyo, tena yamewekwa mwishoni kabisa, na kwa mtu wa mapokezi, wa hospitali au wa ofisi yoyote ya kuhudumia wageni, nadhani yangetakiwa yaanze mara tu mwanafunzi anapomaliza "do" na "does".

Malipo yangu yanakwisha mwisho wa mwezi huu na sitayaendeleza. Kwa anayeanza, anayeweka bado "you are" mahali pa "are you", ningemshauri alipie mwezi mmoja, autumie kila siku, na aandike kila jibu kwa mkono kabla ya kugusa visanduku. Mimi sasa naandika maswali 5 kila jioni, yale niliyowauliza wageni mchana ule ule, kila moja pamoja na jibu nililopewa, na mwenzangu wa zamu ananifunikia sehemu ya jibu kwa kipande cha karatasi, mahali anapopenda yeye, nami naliunda swali upya kwa mdomo. Jana alifunika "my wife" katika "My wife booked the room". Nilikaribia kuleta "did", nikakiangalia kilichofunikwa, nikasema, "Who booked the room?"