Project Zomboid nikiwa Kigoma: uzoefu wangu na gemu linalouzwa huku bado linajengwa

Nimelicheza Project Zomboid kwa miaka kadhaa hapa Mwanga, Kigoma, kwenye laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki ya maana, na bado nalihesabu kuwa gemu bora la kuishi kwa kujitafutia nililowahi kulipia. Nalipendekeza, ila anayelinunua ajue kwanza anauziwa nini. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, lilianza kuuzwa Novemba 2013 likiwa na lebo ya Early Access, yaani gemu linalouzwa kabla halijakamilika, na zaidi ya miaka 10 baadaye lebo hiyo ilikuwa bado ipo.

Kwa asiyelijua, uko jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 1993. Mji umejaa mazombi, umeme na maji vitakatika wakati wowote, na kazi yako ni kula, kulala, kuziba madirisha kwa mbao na kusogeza siku mbele. Hakuna ushindi mwishoni. Utakufa tu, swali ni lini.

Sasa hiyo lebo. Ukinunua gemu lenye lebo hiyo, unanunua lilivyo leo. Steam yenyewe inawataka watengenezaji wasiuze ahadi, na inawaonya wanunuzi kwamba gemu linaweza lisibadilike tena, au lisimalizike kabisa. Kwenye ukurasa wa duka kuna sanduku ambamo watengenezaji hujibu maswali: kwa nini wanauza mapema, wanatarajia kuchukua muda gani, toleo kamili litatofautianaje na la sasa. Lisome sanduku hilo ukitafuta sehemu moja tu, ile inayoeleza gemu liko katika hali gani sasa. Kama hali hiyo peke yake haitoshi kukutoa pesa mfukoni, usinunue. Haki ya kurudishiwa pesa ni ileile ya magemu mengine: uombe ndani ya siku 14 tangu kununua, na uwe umecheza chini ya saa 2. Kwa Zomboid saa 2 zinatosha kujua kama laptopu yako inalimudu, lakini hazitoshi kulijua gemu, kwa hiyo mimi humwambia mtu azitumie kupima mashine.

Nieleze mabadiliko kwa mfano ninaoujali, uvuvi, maana mtu wa huku hawezi kuucheza bila kuukagua. Katika toleo la 41, lililotangazwa kuwa imara Desemba 2021, ulisogea ukingoni mwa maji, ukachagua kuvua kwenye menyu, mhusika akasimama hapo na fimbo yake. Muda ukipita, samaki anakuja au haji. Wewe mchezaji hukuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri na kuangalia nyuma kusije kitu. Toleo la 42, lililotoka Desemba 2024, liliufumua uvuvi wote. Sasa unalenga, unarusha ndoana mwenyewe, unasikilizia, kisha unavuta kwa kupima mkono. Nimeukubali mara moja, maana mvuvi yeyote wa pale Kibirizi atakwambia kwamba kusimama na kusubiri si kuvua. Lakini tazama athari yake. Maarifa yote niliyojijengea ya kuishi kando ya mto katika toleo la 41 yalikoma kuwa na maana. Mwongozo wowote wa zamani kuhusu uvuvi unaeleza gemu ambalo halipo tena. Ndivyo ilivyo kwa utengenezaji wa vitu, ambao ulipanuliwa hadi kufinyanga na kufua chuma, na kwa ufugaji, ambao haukuwepo kabisa kisha wakaja ng'ombe, kondoo na kuku.

Na mabadiliko hayaji kwa kuongeza tu. Katika matoleo ya mwanzo kabisa kulikuwa na wanadamu wengine walio hai, ungeweza kukutana nao. Waliondolewa ili watengenezwe upya, na toleo la 41 likaja na kuisha bila wao. Aliyelipia kwa ajili ya hao watu alikaa akiwasubiri muda mrefu mno.

Linalowauma wachezaji zaidi ni sevu. Sevu za toleo la 41 hazifunguki katika 42, na ukijua sababu hutamlaumu mtu. Gemu hili halihifadhi mji mzima kila unapotoka. Linahifadhi vipande vya ramani ulivyovipitia, kila kipande kikibeba kumbukumbu ya mlango uliouvunja na kabati ulilolimaliza. Katika toleo la 41 kipande kimoja kilikuwa na miraba 10 kwa 10. Katika 42 kikawa 8 kwa 8. Ramani yenyewe ikapangwa upya juu ya gridi hiyo mpya, na chini ya nyumba yakachimbwa mahandaki yasiyokuwepo. Kumbukumbu za zamani hazina pa kukaa tena. Masahihisho madogo ndani ya toleo moja kwa kawaida huiacha sevu yako salama. Msingi ukibadilishwa, unaanza upya, na hakuna ujanja.

Hapo ndipo mimi na mdogo wangu aliye Kasulu ilitubidi tukae chini. Tuna ulimwengu wetu wa pamoja wa toleo la 41, ngome iliyojengwa nje ya mji wa Muldraugh, bustani, magari tuliyoyakarabati. Toleo la 42 lilipotoka halikuwa na uchezaji wa pamoja. Hilo halikunishangaza, kwa sababu 41 nalo lilipoanza kujaribiwa hadharani Oktoba 2019 lilikuwa la mchezaji mmoja, na uchezaji wa pamoja ukarudi mwishoni mwa 2021. Ni utaratibu wa ujenzi: hakuna maana ya kuunganisha kompyuta mbili juu ya kitu ambacho kesho kitabomolewa. Na ili tucheze pamoja sote lazima tuwe na toleo lilelile. Mdogo wangu alikuwa na hamu ya ng'ombe. Akanipigia, "Kaka, mimi nahamia." Nikamwambia ahamie kuchungulia tu, ulimwengu wetu tusiuguse.

Njia tuliyoifuata ndiyo ninayoishauri. Kwanza, funga gemu, kisha nenda kwenye folda hii:

```
C:\Users\jina_lako\Zomboid
```

Inakili nzima kwenye flashi. Ndani yake kuna Saves, yaani dunia zako zote, pamoja na mipangilio na modi ulizoweka kwa mkono, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji. Usinakili Saves peke yake, maana ulimwengu wa pamoja unahitaji na mafaili mengine ya humo. Pili, kwenye Steam bofya gemu kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, kisha Betas. Hapo utaona orodha ya matawi, yaani matoleo ya gemu unayoweza kuchagua. Wakati wa kuchungulia tulichagua `unstable`, na tulipotaka kurudi tukachagua `None`, yaani tawi la kawaida. Tatu, na hili ni kwa sisi tunaotumia bando la simu, kila ukihama tawi Steam inashusha sehemu kubwa ya gemu upya, kwenda na kurudi. Sisi huhama usiku tukiwa na bando la bei nafuu, na katika mipangilio ya gemu tumezuia apdeti zisijishushe zenyewe mpaka tufungue gemu. Ukihitaji kucheza bila kuguswa, iweke Steam katika hali ya nje ya mtandao.

Modi ni jambo la kuzingatia sana. Zimetengenezwa na wachezaji wenzetu kwa muda wao, na toleo la 42 lilibadilisha hata jinsi folda za modi zinavyopangwa. Ukihamia toleo jipya, zima zote, anza dunia tupu, kisha rudisha moja moja. Ukiona kwenye kona ya chini ya skrini kisanduku chekundu chenye namba inayopanda, hizo ni hitilafu zinazohesabiwa, na faili la `console.txt` ndani ya ile folda ya Zomboid huandika zilikotoka. Mara nyingi jina la modi liko humohumo kwenye mstari.

Kuna faida moja ya kucheza toleo bichi ambayo magemu yaliyokamilika hayakupi, nayo ni kusikilizwa. Toleo la 42 lilipotoka lilileta uchovu wa misuli: ukipiga mazombi mfululizo mkono unauma na nguvu zinapungua. Wachezaji wengi walilalamika kwamba umezidi, mtu anaua wachache tu kisha hawezi kuinua shoka. Katika masahihisho yaliyofuata ulipunguzwa, na ukawekewa kipimo katika mipangilio ya Sandbox ili kila mtu aweke anavyotaka. Mimi nauacha uwepo kidogo, kwa sababu unanilazimisha kukimbia badala ya kupigana na kundi zima. Lakini ubichi huo una gharama: gemu unalolijifunza wiki hii linaweza kuwa na mizani tofauti wiki ijayo.

Swali ninaloulizwa na vijana wa hapa ni jinsi ya kutofautisha gemu linalojengwa polepole na lililotelekezwa. Tangu mwisho wa 2022 hadi Desemba 2024 tawi la kawaida la Zomboid halikupata kitu kikubwa. Kwa nje lilionekana limekufa. Ila muda wote huo watengenezaji waliendelea kuchapisha taarifa zinazoonyesha kazi yenyewe: mwanga mpya ukijaribiwa, ng'ombe wakitembea, mahandaki yakichimbwa. Kuna gemu jingine nililowahi kulipia, jina silitaji, ambalo taarifa zake zilikuwa ramani za mipango na picha za kuvutia, bila kitu kimoja kinachoonekana kikifanya kazi, kisha kimya. Tofauti iko hapo. Tangu 2025 Steam huweka tahadhari kwenye gemu la aina hii ambalo muda mrefu umepita bila apdeti, ikitaja imepita miezi mingapi. Ukiikuta tahadhari hiyo, nenda kwenye historia ya taarifa za gemu na uangalie kama kuna mtu bado anaonyesha kazi.

Anayenunua Zomboid leo aanze na tawi la kawaida bila modi hata moja. Asome namba ya toleo iliyo kwenye skrini ya kwanza ya gemu kabla ya kufuata mwongozo wowote, na kama mwongozo una namba tofauti auache. Na kama ana mwenzake wa kucheza naye, wakubaliane namba hiyo kabla hawajajenga ukuta wa kwanza.