Kitabu cha mazoea: kipi ununue, kipi ukiache mezani

Vitabu vya kujenga mazoea na kutumia muda vizuri havikosekani Tanga: vya mitumba vinavyotandazwa Ngamiani, vipya vya madukani, na nakala za kudurufu zinazotembezwa mkononi. Majalada yote yanaahidi yaleyale. Mimi huwa siyasomi. Namwomba muuzaji dakika mbili, natafuta ukurasa mmoja tu: pale mwandishi anaposema tabia mpya hukomaa baada ya siku ngapi.

Akisema siku 21, rudisha kitabu. Namba hiyo ilienezwa na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, katika kitabu chake cha 1960. Aliona wagonjwa wake wakihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hakuwa amepima mtu anayejifunza kuamka mapema wala kuacha sigara. Waliomfuata waliliondoa neno "angalau", wakahamisha namba kutoka kwenye pua iliyonyooshwa hadi kwenye kila tabia ya binadamu.

Akisema siku 66, usifurahi bado. Hiyo inatokana na utafiti halisi wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mtandaoni 2009 na jaridani 2010. Watu 96 walichagua jambo moja la kula, kunywa au mazoezi, wakalifungamanisha na tukio la kila siku, mfano kunywa maji baada ya chai ya asubuhi, wakafuatiliwa wiki 12. Kila mmoja alijaza mwenyewe ni kwa kiasi gani anafanya bila kufikiri. Ukiwapanga waliopimika vizuri kuanzia wa haraka hadi wa taratibu, wa katikati alikadiriwa kufika siku ya 66. Wa haraka zaidi alikadiriwa siku 18, wa taratibu 254.

Sasa angalia: wiki 12 ni siku 84. Hiyo 254 imepatikanaje? Ni makadirio, mstari wa hesabu ulioendelezwa mbele ya pale utafiti ulipoishia. Tena mstari huo uliwakaa vizuri watu 39 tu. Mwandishi makini anakwambia hayo, au angalau anakupa 18 hadi 254. Anayeandika "sayansi imethibitisha siku 66" ni ndugu wa yule wa 21, amevaa miwani tu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu cha maana, kwa hiyo kitabu kinachokutisha kwamba ukiruka siku moja unaanza upya nacho kinajisemea.

Kwa kipimo hicho, mimi napanga hivi. Cha kwanza ni Good Habits, Bad Habits cha Wendy Wood, cha 2019. Ni profesa aliyetafiti mazoea miaka mingi, na ushauri wake mkuu, kubadili mazingira badala ya kung'ang'ana na nia, unatoka kwenye kazi yake mwenyewe. Kinasomeka polepole kidogo, lakini pesa haipotei.

Cha pili ni The Power of Habit cha Charles Duhigg, mwandishi wa habari, cha 2012. Vyanzo vimeelezwa kwa kirefu mwishoni. Udhaifu wake ni visa vya kampuni na wanamichezo waliokwisha kushinda; waliofanya vilevile wakashindwa hatusimuliwi.

Cha tatu ni Atomic Habits cha James Clear, cha 2018. Mbinu zake zinatumika, nami sikatazi mtu kukinunua. Ila ile ahadi ya kuwa bora kwa asilimia 1 kila siku hadi mara 37 kwa mwaka ni hesabu ya riba: 1.01 ikizidishwa yenyewe mara 365 inatoa karibu 37.8. Hakuna aliyepimwa akawa hivyo.

Vya wahamasishaji wasiotaja chanzo hata kimoja sivipi nafasi.

Angalia pia mwaka wa kuchapwa. Kitabu cha kabla ya 2016 kinaweza kukwambia nia ni akiba inayoisha kadiri unavyoitumia, wazo lililopata nguvu kwa jaribio la Roy Baumeister na wenzake la 1998. Haukuwa uongo wa mwandishi, ndiyo yaliyojulikana. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la aina hiyo kwa watu zaidi ya 2,000, na athari ikaonekana karibu na sifuri. Toleo jipya lisilogusia hilo lishushe daraja.

Nakala za kudurufu zikague nyuma. Nimeona zilizokatwa maelezo ya vyanzo ili karatasi zipungue, na hapo huna tena cha kupimia. Kama bado una shaka, anzia maktaba ya mkoa, lile jengo lenye jina la Mfalme George wa Sita, uulize kama wanacho kabla hujatoa hela.