Saa nne za mshale za kupima mvuto wa kabureta: miezi minne nazo kwenye XJ600 yangu

Nina Yamaha XJ600 ya zamani, silinda nne, kila silinda na kabureta yake, injini ya kupozwa na upepo. Hapa Lubumbashi pikipiki nyingi unazoziona barabarani ni za taksi, silinda moja, kabureta moja, kwa hiyo mafundi wetu ni wakali kwa hizo. Yangu wakiifungua wanaanza kukuna kichwa.

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye ralanti, yaani pale injini inaponguruma yenyewe bila mkono kwenye gesi. Ilikuwa inachechemea. Vioo vilitikisika hadi sura ya aliye nyuma yangu haionekani, na upande wa kulia chini kulikuwa na mlio kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Fundi wa kwanza aliipandisha ralanti hadi mizunguko 1,600 kwa dakika, mlio ukapungua, akasema, "Yaya, imepona." Wa pili akasema klachi imekwisha, nitafute nyingine. Bei ya klachi ndiyo iliyonifanya nitafute kwanza hizi saa za mshale, zinazopima mvuto wa hewa wa kila silinda ili kabureta zote nne zilinganishwe.

Niliziagiza kwa mtoto wa dada yangu anayepita mpaka wa Kasumbalesa na malori. Dola 58 hadi mlangoni. Ndani ya boksi kuna saa nne za mshale zilizofungwa kwenye bati moja lenye ndoana ya kutundikia, tiyo nne, vichwa vya shaba vya kufungia kwenye injini, na vibomba vinne vidogo vya kutuliza mtikisiko wa mshale, kimoja kwa kila tiyo. Hakuna jina la kiwanda. Karatasi ya maelezo ilikuwa na picha moja tu, nayo ya pikipiki nyingine kabisa.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na ninamshauri kila anayenunua saa za bei hii asikiruke, ni kuzipima zenyewe. Nilifunga saa ya kwanza kwenye silinda namba 1, nikasoma. Nikaitoa, nikafunga ya pili palepale, kisha ya tatu, kisha ya nne. Injini ni ileile na tundu ni lilelile, kwa hiyo zilipaswa kusema neno moja. Tatu zilisema 23, kwa sentimita za zebaki. Moja ikasema 25. Haina skrubu ya kurekebisha mshale, basi nikaandika kwa kalamu juu ya kioo chake "toa 2". Ningeiamini hivyo ilivyo, ningeharibu kabureta iliyo nzima ili kuifurahisha saa mbovu. (Usiziite saa ya kwanza, saa ya pili. Nilimwambia mdogo wangu "angalia saa ya tatu" akatoa simu mfukoni. Tukaziandika A, B, C, D.)

Kitu cha pili ni vile vibomba. Silinda haivuti hewa mfululizo, inavuta kwa mkupuo mara moja katika kila mizunguko miwili. Kibomba kikiwa wazi, mshale unapiga huku na huku kama mbawa za nzi na huwezi kusoma chochote. Unakifunga taratibu hadi mshale ubaki unatetemeka kidogo tu. Mara ya kwanza nilivifunga mno. Mishale ikatulia vizuri sana, nikafurahi, nikazungusha skrubu, mshale haukuenda popote, nikazungusha tena, kisha baada ya sekunde kadhaa ukaruka kupita kiasi. Nilipoteza jioni nzima hivyo. Dalili ya kibomba kilichofungwa sawasawa ni hii: ukigusa gesi ghafla mshale unaitika papo hapo, na ukiachia unarudi bila kuchelewa.

Sasa kwa nini jambo hili linatuliza ralanti. Ndani ya kila kabureta kuna kipepeo, kile kibati cha duara kinachozunguka ukivuta gesi. Kwenye ralanti vipepeo vyote vinne karibu vimefunga, hewa inapita kwenye upenyo mwembamba kama karatasi. Kipepeo kimoja kikiwa wazi kwa karatasi mbili badala ya moja, silinda yake inapata hewa nyingi kuliko jirani na inasukuma kwa nguvu zaidi. Jirani aliyefungwa sana anapata kidogo, anaburutwa na wenzake. Kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika kila silinda inalipuka mara 10 kwa sekunde, injini nzima mara 40. Ni kama wanawake wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: mmoja akiwa na mchi mwepesi, kila zamu yake ikifika unasikia pengo. Lile pengo, mara 10 kwa sekunde, ndiyo mtikisiko wa vioo. Na kwa kuwa ekseli ya injini inaharakishwa kisha inapunguzwa mwendo, meno na chemchemi za klachi zinagongana. Ndiyo misumari ndani ya kopo. Ukivuta gesi vizuri, ile tofauti ya karatasi moja inamezwa na uwazi mkubwa, na ndiyo maana barabarani pikipiki ilikwenda bila neno.

Saa hazipimi hewa inayoingia, zinapima mvuto uliobaki nyuma ya kipepeo. Kipepeo kikifunga, mvuto unapanda. Kikifunguka, unashuka. Ukishika hilo, mengine yanafuata.

Nilifanya kazi nje, jioni, na feni ya nyumbani imeelekezwa kwenye injini kwa sababu haina maji, upepo ndio unaoipoza. Kila dakika kumi nilizima nikaiacha ipumue. Tangi lazima litoke ili bisibisi ifike, kwa hiyo nilitundika chupa ya esansi kwenye tawi la mwembe na tiyo ndefu hadi kwenye kabureta, kama mgonjwa aliyewekewa serumu. Valvu zilikuwa zimekwisha kupimwa wiki iliyotangulia. Valvu iliyobana inashusha mvuto wa silinda yake, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoitibu. Kabla ya kuanza, injini iwe imepata joto lake.

Kutoka kushoto ukiwa umekaa juu ya kiti, baada ya kutoa ile 2 ya saa mbovu, nilisoma hivi: 23, 21, 14, 18, kwa sentimita za zebaki. Usihangaike kama namba zako ni ndogo kuliko za kitabu. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu yenyewe ina uzito wa sentimita 66 hivi badala ya 76 za pwani, kwa hiyo na mvuto unaoonyeshwa na saa unapungua. Kinachotafutwa ni saa zote zilingane.

Ile 14 ilinitia wasiwasi, ilikuwa mbali mno na wenzake. Nilichukua chupa ya kupulizia, nikanyunyiza maji ya sabuni kidogo kuzunguka mpira unaounganisha kabureta ya tatu na injini. Mshale ukapanda hadi 17, injini ikabadilisha sauti, kisha ukashuka tena. Basi mpira ulikuwa umepasuka, upande wa chini ambako jicho halifiki, na injini ilikuwa inavuta hewa hapo bila kupitia kwenye kipepeo. Ningeanza kuzungusha skrubu siku ile, ningemfungua namba 4 ili amfuate mwongo, halafu siku mpira unapobadilishwa kila kitu kinavurugika upya. Nilizima, nikatafuta mpira kwa siku sita, nikapata wa kutumika lakini mzima.

Na mpira huo, saa zikasema 23, 21, 18, 18. Hapo sasa ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na haikuchukua nusu saa. Kwenye aina hii kuna skrubu tatu. Ya kushoto inalinganisha namba 1 na 2. Ya kulia inalinganisha 3 na 4. Ya katikati inalinganisha jozi na jozi, na hiyo huguswa mwisho, kwa sababu ukianza nayo kila utakachofanya pembeni kitaiharibu. Jozi ya 3 na 4 ilikuwa sawa, sikuigusa. Ya 1 na 2 nilizungusha kidogo sana, pungufu ya robo ya mzunguko, zikakutana kwenye 22. Kisha ya katikati, hadi zote nne zikasimama kati ya 20 na 21.

Angalia bisibisi yako. Ukiikandamiza skrubu, uzito wa mkono wako pekee unasukuma kipepeo na saa inakuonyesha usawa ambao haupo. Mimi nilizungusha, nikainua mkono, nikavuta gesi mara moja, nikaachia, ndipo nikasoma. Zaidi ya mara tatu namba ilihama nilipoinua mkono.

Zilipolingana, ralanti ilipanda yenyewe hadi karibu 1,400, kwa sababu silinda za kushoto sasa zinafanya kazi badala ya kuburutwa. Niliishusha hadi 1,200. Misumari kwenye kopo haikutoweka yote, bado nikisogeza kichwa karibu na klachi naisikia kwa mbali, lakini nikiwa nimekaa juu ya kiti siisikii. Klachi sijanunua.

Kuhusu saa zenyewe: nimeridhika, ila si kwa kila kitu. Tiyo ni za plastiki ngumu, moja iligusa bomba la moshi ikayeyuka siku ya kwanza, nikaweka ya mpira. Kioo cha saa C kimelegea. Na mwenye silinda mbili asitumie dola 58 kwa hili. Tiyo moja ya kuonekana ndani, ndefu, yenye mafuta ya injini katikati, ncha moja kwa kila silinda, itamwonyesha upande upi unavuta zaidi. Awe tu tayari kuzima haraka, maana tofauti ikiwa kubwa injini itayanywa mafuta hayo. Mwenye silinda moja hana cha kulinganisha. Na kama kabureta zimejaa uchafu wa vumbi jekundu la kiangazi hiki, saa hazitazisafisha. Tone la maji kwenye kila bomba la moshi, dakika moja baada ya kuwasha, litakuambia: bomba ambalo maji hayakauki haraka kama mengine, silinda yake haiwaki vizuri, anzia huko.

Jumamosi iliyopita nilizifunga tena, miezi minne baadaye. 21, 20, 20, 21. Sikugusa skrubu yoyote, nikarudisha tangi.