Stoki ya Ruashi: nilivyohama kutoka seva ya VPN kwenda Tailscale

Yaya wangu anauza sementi Ruashi. Kompyuta ya stoki iko kule depo, mimi nakaa Kamalondo, na alichotaka ni niione stoki bila kupanda teksi. Nikaweka WireGuard kwenye ile kompyuta, nikafungua poti 51820 kwenye ruta, nikarudi nyumbani. Kimya. Kesho yake nikakaa depo nikichungulia, huku mdogo wangu akijaribu kuingia toka nyumbani:

```
tcpdump -ni any udp port 51820
```

Hata pakiti moja haikufika. Jibu nililikuta kwenye ukurasa wa ruta: anwani ya WAN ilianza na 100.72. Ukiona 100, kisha namba kati ya 64 na 127, ujue kampuni ya mtandao imewaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Nilikuwa nimefungua mlango wa chumba, na geti la kiwanja ufunguo wake sina.

Nikakodi seva Ulaya, mashine zote mbili zikawa zinaipigia. Ilifanya kazi, ila stoki ya Ruashi ilisafiri hadi Ulaya ndipo ifike Kamalondo, na kila mwezi nalipa.

Tailscale nayo hutumia WireGuard, lakini hakuna anayesubiri kupigiwa. Kila mashine inatoka nje yenyewe, inajua inaonekana kwa anwani na poti gani, kisha seva ya uratibu inazipasha habari. Zote mbili zinatumiana pakiti kwa wakati mmoja. Ruta ikiona wewe ndiye uliyeanza, inaruhusu jibu liingie. (Anwani inazotoa nazo huanza na 100, usizichanganye na ile ya ruta.)

Je, njia ni ya moja kwa moja kweli? Usibahatishe, uliza:

```
$ tailscale ping depo
pong from depo (100.101.12.7) via DERP(jnb) in 142ms
pong from depo (100.101.12.7) via 203.0.113.24:10822 in 38ms
```

Mstari wa kwanza umepitia DERP, yaani kituo cha Tailscale cha kupitishia pakiti, kule Johannesburg; wa pili umefika wenyewe. Hiyo ni kwa intaneti ya nyumbani. Nikitumia intaneti ya simu, DERP haiondoki: mitandao ya pande zote mbili inabadilisha poti kwa kila inayezungumza naye, kwa hiyo anwani waliyopashana haifai tena. Kituo hakiwezi kusoma kilichomo, funguo ziko kwenye mashine. Kwa kusoma stoki inatosha. Kuvuta video za kamera, utachoka.

Mwenye anwani yake halisi, asiyetaka uratibu ukae kwa watu wengine, abaki na WireGuard yake. Sisi hatuna.

Kosa langu moja: ufunguo wa kila mashine huisha baada ya siku 180 usipobadilisha mpangilio huo. Sikusoma. Asubuhi moja depo ikapotea, nikapanda teksi kwenda Ruashi kuingia upya. Sasa nimeuzima ukomo huo kwa kompyuta ya depo tu; kwenye simu yangu nimeuacha, maana simu huibiwa.