Romeo na Julieta, au Laila na Majnuni: hadithi ipi ni chungu zaidi?

Wote wanakufa, lakini hawafi kwa sababu moja.

Kwa Shakespeare, kinachoua ni barua. Julieta anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na Padri Laurenti anamtuma mwenzake ampelekee Romeo habari. Mjumbe anafungiwa katika nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni, barua haimfikii Romeo. Romeo anasikia tu kwamba mkewe amezikwa, anakunywa sumu kando yake, na Julieta anaamka muda mfupi baadaye. Saa moja tu ingeokoa watu wawili! Ila wangepona, koo zao, Montegi na Kapuleti, zingeendelea kuchinjana. Mwandishi anahitaji maiti ndipo wazee wapeane mikono.

Kwa Nizami, aliyeandika kwa Kiajemi mwaka 1188, hakuna bahati mbaya. Kaisi, anayeitwa Majnuni yaani mwendawazimu, anamtaja Laila hadharani katika mashairi yake, jina la binti linazagaa midomoni mwa watu, na baba anaona kumwoza kwa mwendawazimu huyo ni kuongeza aibu. Laila anaozwa kwa Ibn Salam. Majnuni anahamia nyikani na wanyama, akiendelea kutunga. Laila anapokufa, naye anafia kaburini pake.

Mimi naona ya Nizami ndiyo chungu zaidi. Kilichowatenganisha ni mashairi yenyewe, yale yale tunayoyasifu.